Barua ya mfungwa anayeomba kuhamishwa karibu na mama mgonjwa: yanayofaa kuandikwa na njia inayofuatwa

Miongoni mwa maswali ambayo wakaazi huleta katika ofisi za kaunti, lipo moja ambalo kaunti haina mamlaka ya kulijibu kwa vitendo, lakini tunaweza kulieleza. Ni la familia yenye kijana anayetumikia kifungo mbali, tuseme Mombasa, huku mama yake akiwa mgonjwa mahututi hapa Kombewa. Wanauliza: je, anaweza kuletwa Kodiaga ili mama amwone? Na kama anaweza, barua inaandikwa vipi, na inapelekwa kwa nani?

Tuanze na la mamlaka, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza wiki nzima. Chini ya Katiba, magereza ni kazi ya serikali ya kitaifa. Gavana, mwakilishi wa wadi au msimamizi wa kaunti ndogo ya Seme hawezi kuagiza mfungwa ahamishwe, wala barua yake haiwezi kuchukua nafasi ya barua ya mfungwa mwenyewe. Mwenye uwezo huo ni Kamishna Jenerali wa Magereza, ambaye makao yake makuu ni Magereza House, Nairobi. Ombi hufika kwake kupitia mkuu wa gereza ambalo mfungwa yumo. Kwa hivyo mlango wa kwanza uko hukohuko aliko mfungwa, katika ofisi ya mkuu wa gereza lake.

Kaunti inaingia mahali pengine. Huduma za afya katika hospitali ya Kombewa ni kazi ya kaunti, na karatasi yenye uzito kuliko zote katika ombi hili hutoka hospitalini. Tutaifikia.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 51 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mtu aliyefungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa ile ambayo haiwezekani kabisa kutekelezwa akiwa kifungoni. Kifungu hichohicho kinaagiza Bunge litunge sheria ya kuwatendea wafungwa utu, na sheria hiyo izingatie makubaliano ya kimataifa ya haki za binadamu. Ndipo mwaka 2014 ikapatikana Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru, ambayo inasimama pamoja na Sheria ya Magereza, Sura ya 90.

Makubaliano ya kimataifa yenyewe yanasema wazi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1988 kuhusu watu walio kizuizini zinasema kwamba mfungwa akiomba, awekwe mahali palipo karibu kiasi na makao yake ya kawaida, ikiwezekana. Tazama maneno mawili hapo: “akiomba” na “ikiwezekana”. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinarudia jambo hilo katika kanuni ya 59: kadiri inavyowezekana, wafungwa wapelekwe magereza yaliyo karibu na nyumbani kwao. Kanuni ya 70 inaongeza kwamba mfungwa ajulishwe mara moja jamaa yake wa karibu anapougua sana au kufariki, na hali ikiruhusu, apewe ruhusa ya kwenda kumwona mgonjwa aliye mahututi, akiwa chini ya ulinzi au peke yake.

Maana yake kwa familia ni hii. Kuwa karibu na nyumbani ni jambo ambalo mfungwa ana haki ya kuliomba na kujibiwa, lakini hana haki ya kulipata kwa lazima. Mkuu wa gereza hatavunja sheria akisema hapana, mradi ana sababu: gereza la huku limejaa, au kiwango cha ulinzi hakilingani, au kuna kesi inayosubiriwa kule. Ndiyo maana barua isiandikwe kama dai. Iandikwe kama ombi linalomrahisishia anayeamua kusema ndiyo.

Jambo lililotokea hapa kwetu

Wazee wa upande huu wa ziwa wanakumbuka kisa ambacho hakihitaji kutafutwa mbali. Hayati Raila Odinga alikamatwa mwaka 1982 baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti. Mashtaka ya uhaini dhidi yake yaliondolewa mwaka 1983, lakini akawekwa kizuizini bila kesi hadi Februari 1988. Katika miaka hiyo, mwaka 1984, mama yake, Mary Ajuma Odinga, alifariki. Ilichukua karibu miezi miwili kabla ya mwana kuambiwa kwamba mama hayupo tena.

Yeye alikuwa mfungwa wa kisiasa, na nyakati zilikuwa nyingine. Lakini tuangalie kilichokosekana. Wakati huo kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1955 zilikuwa tayari zinasema mfungwa aambiwe mara moja juu ya ugonjwa mkubwa au kifo cha jamaa wa karibu. Kanuni ilikuwepo kwa takriban miaka 30. Kilichokosekana ni karatasi ambayo ofisa analazimika kuipokea, kuiandika katika faili na kuijibu. Nelson Mandela naye alifiwa na mama yake mwaka 1968 akiwa Kisiwa cha Robben, na ombi lake la kwenda kumzika likakataliwa. Kanuni zenye jina lake leo zinagusa jambo hilohilo.

Tofauti kati ya wakati ule na sasa ni Kifungu cha 47 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, wa haki na wenye busara, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomwathiri vibaya. Mfungwa hakuondolewa katika neno “kila mtu”. Lakini haki hiyo huanza kufanya kazi pale ombi linapokuwa kwenye maandishi. Ombi la mdomo lililotolewa kwa afande mlangoni halina tarehe, na baada ya mwezi hakuna anayelikumbuka.

Barua ya mfano

Hapa chini tumeandika barua ya mfano. Si ya mtu yeyote halisi. Tumechukua hali ifuatayo: mfungwa ni mtu wa Kombewa, yuko Shimo la Tewa, amehukumiwa miaka 12 na ametumikia 5. Mama yake ana figo zilizoshindwa kufanya kazi, na husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu.

Jina: ……………
Nambari ya mfungwa: ……………
Gereza Kuu la Shimo la Tewa
Tarehe: ……………

Kwa Mkuu wa Gereza,
Gereza Kuu la Shimo la Tewa.

Kwa Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUHAMISHIWA GEREZA KUU LA KISUMU (KODIAGA) KWA SABABU YA UGONJWA WA MAMA

Naomba uniruhusu, na unipendekeze kwa Kamishna Jenerali wa Magereza, nihamishiwe Gereza Kuu la Kisumu ili nitumikie huko muda uliobaki wa kifungo changu.

Nilihukumiwa miaka 12 na nimetumikia miaka 5. Sina rufaa wala kesi nyingine inayosubiriwa katika mahakama za Pwani. Sijawahi kuadhibiwa kwa kosa la nidhamu gerezani, na ninafanya kazi katika karakana ya useremala.

Mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, anaishi Kombewa, kaunti ndogo ya Seme. Figo zake zimeshindwa kufanya kazi. Husafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa mjini Kisumu. Daktari ameandika kwamba asikose kikao hata kimoja, na kwamba mwili wake hauwezi kustahimili safari ndefu. Barua ya daktari ya tarehe …………… imeambatanishwa. Kabla ya kuugua alikuwa akinitembelea mara moja kwa mwaka. Tangu alipougua hajaweza kuja.

Kodiaga iko kwenye barabara ambayo mama hupitia akitoka Kombewa kwenda hospitalini. Nikiwa huko ataweza kuniona bila kukosa matibabu.

Nimeambatanisha barua ya daktari, barua ya chifu inayothibitisha kwamba huyu ni mama yangu na anapoishi, na nakala ya kitambulisho chake. Dada yangu anaweza kupigiwa simu kwa nambari …………… kuthibitisha haya.

Kama uhamisho hautawezekana, naomba nijulishwe sababu kwa maandishi. Wakati ombi langu likishughulikiwa, naomba niruhusiwe kuzungumza na mama kwa simu kupitia ofisi ya ustawi.

Wako mtiifu,
(sahihi au alama ya kidole gumba)

Nakala: Ofisa wa Ustawi

Barua inaishia hapo. Inaingia katika ukurasa mmoja au ukurasa na nusu kwa mwandiko wa mkono. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi, kwa hivyo hakuna haja ya kutafuta mtu wa kuiandika kwa Kiingereza. Asiyejua kuandika anaweza kusaidiwa na mfungwa mwenzake au ofisa wa ustawi, kisha asomewe kabla ya kuweka alama ya kidole.

Kwa nini kila sehemu iko pale ilipo

Anayesoma barua hii ana maswali machache kichwani, na barua nzuri huyajibu kwa mpangilio wake.

Swali la kwanza: anataka nini hasa? Ndiyo maana gereza limetajwa kwa jina. Barua nyingi husema “naomba nihamishwe karibu na nyumbani” na kuishia hapo. Kwa mtu aliye Mombasa, hata Nakuru ni karibu zaidi na nyumbani. Na jina lenyewe lazima liwe la gereza linaloweza kumpokea. Familia ya Kombewa ingependa pengine Bondo au Siaya, lakini magereza madogo kwa kawaida ni ya vifungo vifupi. Mtu wa miaka 12 akiomba Bondo, ombi linaweza kukataliwa kwa sababu hiyo moja tu, hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Kodiaga ni gereza kuu lenye ulinzi mkubwa, na Kibos pia liko hapahapa Kisumu. Kabla ya kuandika, mfungwa amuulize ofisa wa ustawi: mtu wa kifungo changu anapokelewa gereza gani upande wa Nyanza?

Swali la pili: kuna kitu kinachomzuia kuondoka hapa? Kinachozuia zaidi ni mahakama. Aliye na rufaa inayosikizwa Mombasa anahitajika karibu na mahakama hiyo, na ingawa siku hizi baadhi ya vikao hufanywa kwa video, gereza halitaki kulaumiwa kwa kesi iliyoahirishwa. Kama rufaa ipo, iandikwe, pamoja na nambari yake na tarehe inayofuata. Kuficha hakusaidii, kwa kuwa faili yake inaonyesha. Kizuizi kingine ni masomo. Aliyesajiliwa kufanya mtihani wa KCSE katika gereza moja hawezi kuhama katikati ya mwaka bila kuhatarisha mtihani huo, na ni yeye wa kuamua kipi kinatangulia.

Swali la tatu: nidhamu yake ikoje? Barua inasema kwa sentensi moja. Mkuu wa gereza ataangalia rekodi mwenyewe, kwa hivyo mwenye kosa katika rekodi aseme ukweli: “Niliadhibiwa mwaka 2021 kwa kosa moja, na tangu hapo sina lingine.” Ukweli unaolingana na faili huipa barua nzima uzito.

Swali la nne ndilo kiini: ugonjwa huu ni mkubwa kiasi gani, na uhamisho utabadilisha nini? Hapa ndipo barua nyingi huanguka. Kuandika “mama ni mgonjwa sana na analia kila siku” ni kweli, lakini kila mama wa mfungwa analia. Ofisa hana njia ya kupima machozi. Anaweza kupima jambo kama hili: vikao viwili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, visivyoweza kukosekana. Kutoka Kombewa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, usiku mzima ndani ya basi na zaidi. Mtu anayesafishwa damu hawezi kwenda, kumwona mwanawe na kurudi kati ya Jumanne na Ijumaa bila kujitia hatarini. Lakini akipanda matatu Kombewa, akapita Holo na Kisian, anapita karibu na Kodiaga kabla ya kuingia mjini. Siku hiyohiyo ya hospitali inaweza kuwa siku ya kumwona mwanawe, mradi aulize mapema siku na saa za kutembelea. Hapo msomaji wa barua haombwi kuhurumia tu. Anaonyeshwa kwamba uamuzi wake utaondoa kizuizi halisi.

Kitu kimoja kimeachwa nje kwa makusudi. Mfungwa hakutetea kesi yake. Hakusema alihukumiwa kwa uonevu, wala hakusimulia kilichotokea. Hayo yana mahali pake, ambapo ni rufaa. Mkuu wa gereza hawezi kubadilisha hukumu, na aya tatu za malalamiko humfanya asifike kwenye aya ya mama.

Karatasi za kuambatanisha, na kazi ya familia

Mfungwa hawezi kwenda hospitalini kuomba barua. Kazi hii ni ya ndugu zake walio nyumbani, na ni hapa wakaazi wa Kombewa wanaweza kusaidia kwa dhati.

Barua ya daktari iombwe katika hospitali inayomtibu mgonjwa. Kama ni Kombewa, iombwe Kombewa. Kama amepewa rufaa kwenda Kisumu, iombwe Kisumu. Mgonjwa mwenyewe ndiye mwenye siri ya ugonjwa wake, kwa hivyo hospitali haitampa mtu mwingine taarifa hizo bila idhini. Kama mama anaweza kufika, aende naye. Kama yuko kitandani, aweke sahihi au kidole kwenye karatasi inayosema amemruhusu bintiye kuichukua. Kijana aliyetumwa bila karatasi hiyo atarudishwa, na hospitali haitakuwa imekosea.

Mwombeni daktari ataje mambo manne: jina la ugonjwa, tangu lini, matibabu anayopata na mara ngapi, na kama anaweza kusafiri. Hilo la nne husahaulika, kwa sababu daktari huandika kuhusu tiba, hafikirii safari ya Mombasa. Barua iwe na tarehe, jina na sahihi ya daktari, na muhuri wa hospitali. Kadi ya kliniki peke yake haitoshi, na barua iliyoandikwa mwaka jana itazua swali kama mgonjwa bado yuko katika hali hiyo.

Barua ya chifu inathibitisha mambo mawili: uhusiano na makao. Hili si jambo dogo kwetu. Katika boma moja mtu anaweza kuwaita “mama” wanawake kadhaa: aliyemzaa, mama wa kambo, mamake mdogo, na bibi aliyemlea. Mbele ya ofisa asiyewajua, majina mawili yasiyofanana kwenye vitambulisho huleta shaka. Kama aliyemlea mfungwa ni bibi au shangazi, chifu aandike hivyo waziwazi. Kulelewa na bibi si aibu, na hakuliui ombi. Kinachoumiza ni kumwita mama mzazi halafu vitambulisho vikaonyesha vingine.

Wekeni nakala ya kila karatasi nyumbani. Karatasi zikishafika gerezani hamtaziona tena kwa urahisi.

Safari ya ombi

Kwa kawaida barua hupitia kwa ofisa wa ustawi au ofisi ya kumbukumbu, kisha kwa mkuu wa gereza. Mkuu huweka maoni yake: nidhamu, muda uliobaki, kiwango cha ulinzi, na kama anaunga mkono. Kisha hupelekwa juu, na gereza linalotakiwa kumpokea huangaliwa kama lina nafasi. Magereza yetu yamejaa kupita kiasi kwa miaka mingi, na hiyo ni sababu ya kawaida ya kuchelewa hata pale kila mtu amekubali. Uhamisho wenyewe husubiri gari na walinzi, na mara nyingi wafungwa kadhaa husafirishwa pamoja. Familia isitarajie siku, itarajie wiki au miezi.

Kuna jambo la kusema bila kuzunguka. Kuomba uhamisho hakuna ada, na usafiri ni wa gereza. Anayewaambia wakwe, wajomba au dada kwamba faili “inahitaji mafuta” anaomba hongo. Msilipe. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi hupokea malalamiko ya namna hiyo.

Familia inaweza kufuatilia. Baada ya kama mwezi mmoja, yeyote anayemtembelea amuulize mfungwa: barua iliandikwa kwenye rejista? Ilipelekwa juu tarehe gani? Ikiwa bado iko kwenye ofisi ya kwanza, mfungwa aombe kuonana na mkuu wa gereza na aiulizie kwa tarehe yake. Kusema “barua yangu ya tarehe 4” kunasaidia zaidi kuliko “ile barua yangu”.

Wakati mama hana miezi ya kusubiri

Kosa kubwa tunaloliona ni kuomba kitu kinachochukua miezi wakati mgonjwa ana siku. Daktari akisema hali ni ya mwisho, uhamisho si jibu. Hapo iandikwe barua nyingine, fupi, yenye kichwa chake mwenyewe: ombi la kumwona mama aliye mahututi chini ya ulinzi. Hili ndilo jambo ambalo kanuni ya 70 inalizungumzia. Kwa mtu aliye Kodiaga, safari ya kwenda hospitali ya mjini ni fupi na mkuu anaweza kuipima. Kwa aliye Shimo la Tewa, ni safari ya siku mbili kwa walinzi kadhaa, na uwezekano wa kukubaliwa ni mdogo. Ni afadhali familia ijue hivyo mapema kuliko kumwahidi mgonjwa kitu kisichokuja.

Katika hali hiyo, kinachoweza kupatikana haraka ni simu. Dada au kaka apige simu gerezani, amweleze ofisa wa ustawi hali ilivyo, na aombe saa maalumu ambapo simu itakuwa kando ya kitanda cha mama. Msisubiri mpaka mama ashindwe kusema.

Yapo mambo mawili zaidi ya kutofautisha. Mtu aliye rumande, ambaye kesi yake haijaisha, hayuko katika njia hii. Yeye yuko mikononi mwa mahakama iliyomweka, na ombi lake hupelekwa kwa hakimu kupitia wakili au yeye mwenyewe siku ya kutajwa kwa kesi. Na aliyebakiza muda mfupi wa kifungo aulize kwanza tarehe yake ya kutoka. Sheria ya Magereza inampa mfungwa mwenye nidhamu na bidii punguzo la thuluthi moja ya kifungo, isipokuwa kwa makosa kadhaa yaliyotengwa na sheria. Kuna wanaohangaika na uhamisho miezi sita, kumbe wangekuwa nyumbani mwezi wa saba.

Jibu likiwa hapana

Jibu la hapana lisipoeleza sababu, mfungwa aandike barua ya mistari mitatu akiomba sababu kwa maandishi chini ya Kifungu cha 47. Sababu ndiyo inayoonyesha njia ya kufuata. Kama ni nafasi, aombe tena baada ya miezi michache, au ataje gereza la pili. Kama ni rufaa inayosubiriwa, arudi ikiisha. Kama ni karatasi iliyokosekana, familia iitafute. Kama hakuna jibu kabisa, ndugu wanaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayoitwa pia Ombudsman, au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya. Tume hizi hazimhamishi mfungwa. Zinaiuliza ofisi kwa nini haikujibu. Ndiyo maana nakala ya barua yenye tarehe ni muhimu: bila hiyo hakuna cha kuulizia.

Na jibu likiwa ndiyo, mfungwa ana haki ya kuijulisha familia kwamba amehamishwa na yuko wapi. Kabla ya kumtoa mama nyumbani, mmoja wenu apige simu au aende kwanza Kodiaga na kitambulisho chake, athibitishe kwamba amefika na aulize siku za kutembelea. Kisha ndipo mama apande matatu asubuhi ya Jumanne, aende kwenye mashine, na wakati wa kurudi ashukie njiani.